Mafua Yasiyo Mafua: Jinsi Sirapu ya Kodeini Inavyomfunga Asiyekusudia

Mwaka 2018, Nigeria ilipopiga marufuku kutengeneza na kuingiza nchini sirapu za kikohozi zenye kodeini, habari zilizosambaa zilikuwa za vijana wanaozichanganya na soda ili walewe. Habari zile zilikuwa za kweli, lakini ziliwaacha wengi wakiamini kwamba hatari ya dawa hii ni ya vijana wa vijiweni peke yao. Makala haya yanamhusu mtu mwingine kabisa: mama au baba anayeinywa kwa kijiko, chumbani kwake, kwa sababu anakohoa na kesho ana kazi. Hatafuti kulewa, wala hajawahi kujiona kuwa karibu na dawa za kulevya. Naye pia anaweza kufika mahali ambapo mwili wake hauwezi kupitisha siku bila chupa ile.

Njia inayomfikisha huko haina starehe ndani yake. Ina kikohozi kisichoisha, hamu ya kulala usiku mmoja mzima, na kosa moja la utambuzi ambalo hata mtu makini hulifanya: mwili unapoanza kuidai kodeini, dalili zake hufanana na mafua. Mtu anadhani ugonjwa umerudi. Anakunywa dawa, anapata nafuu, na nafuu ile inamthibitishia kwamba kweli alikuwa mgonjwa. Ukilielewa jambo hili moja, utaweza kujilinda, na utaweza kumtambua ndugu yako aliyekwisha kunasa.

Kodeini hufanya nini mwilini

Kodeini ni ya ukoo mmoja na mofini na heroini. Ikishamezwa, ini hubadilisha sehemu yake ndogo kuwa mofini, na hiyo mofini ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Inatuliza kituo cha kikohozi kwenye ubongo, inapunguza maumivu, inaleta usingizi na kulegeza wasiwasi. Pia inapunguza mwendo wa utumbo, ndiyo maana anayeitumia hufunga choo. Sirapu nyingi za aina hii zina dawa ya pili, kama klorofeniramini au promethazini, ambazo ni dawa za mzio na mafua zinazokausha makamasi na kuongeza usingizi.

Mwili hauipokei kodeini hivi hivi. Kila siku inapoingia, mishipa ya fahamu inayotulizwa nayo hujibu kwa kuongeza nguvu ili irudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Ni kama watu wawili wanaosukumana kwenye mlango: anavyozidi kusukuma wa nje, ndivyo wa ndani anavyozidi kukaza. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anatoka na mlango. Ndivyo inavyokuwa kodeini inapokosekana. Pua iliyokuwa imekauka inatiririka, utumbo uliotulia unaharisha, na usingizi uliokuwa mzito unatoweka.

Hali hii haimpati mkosaji peke yake. Inampata yeyote anayeitumia kila siku kwa muda wa kutosha, hata kama hakuzidisha kipimo. Nchini Uingereza, paketi za vidonge vya kodeini vinavyouzwa bila cheti hubeba onyo kwamba dawa inaweza kuleta uraibu na isitumike zaidi ya siku 3. Sirapu ya kodeini yenyewe iliondolewa kwenye uuzaji huru huko Februari 2024, na sasa hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Onyo lile la paketi linahesabu siku, kwa maana muda una uzito wake hata pale kijiko kinapofuatwa sawasawa.

Siku tatu za dawa, wiki tatu za kikohozi

Hapa ndipo mtego unapoanzia. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwauliza watu kikohozi cha mafua huchukua siku ngapi kupona. Wengi walijibu siku 7 hadi 9. Watafiti walipokusanya vipimo vya wagonjwa halisi, wastani ulikuwa karibu siku 18.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya kaunta ya duka la dawa. Mtu anaugua mafua Jumatatu. Homa inaisha ndani ya siku chache, kikohozi kinabaki. Siku ya kumi anaona kimepita kiasi, kumbe kiko katikati ya safari yake ya kawaida. Anaomba dawa kali zaidi na kupewa sirapu yenye kodeini. Usiku ule analala vizuri, si lazima kwa sababu kifua kimepona, bali kwa sababu dawa inalaza. Tafiti zilizoilinganisha kodeini na dawa bandia kwa kikohozi cha mafua hazikuona tofauti ya maana. Hata hivyo, mtu aliyekesha usiku saba akalala wa nane haambiwi kitu. Ananunua chupa ya pili.

Kama kikohozi ni cha mafua tu, kwa kawaida kitaisha chenyewe, na wengi hapo huiacha chupa bila shida. Hatari kubwa ni kwa yule ambaye kikohozi chake kina chanzo kingine ambacho hakuna aliyekitafuta.

Mfano wa mwalimu mwenye presha

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 52. Nimeutunga ili hatua zote zionekane mahali pamoja, lakini kila hatua iliyomo hutokea.

Mwalimu huyu amegundulika kuwa na presha, akaandikiwa enalaprili. Wiki kadhaa baadaye anaanza kukohoa: kikohozi kikavu, kinachowasha kooni, kisicho na makohozi wala homa, kinachozidi usiku. Kikohozi cha namna hii ni athari inayojulikana ya kundi la dawa za presha lenye enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Lakini kwa kuwa hakikuja siku ile ile alipoanza vidonge, hakuna anayeviunganisha viwili hivi. Yeye anasema ni vumbi la chaki.

Ananunua sirapu. Chupa ina mililita 100, na kila mililita 5 zina miligramu 10 za kodeini. Anakunywa mililita 10 wakati wa kulala, na kikohozi kinatulia. Asubuhi kinarudi, maana kidonge cha presha anakimeza kila siku, na kikohozi nacho kinazaliwa upya kila siku. Wiki ya pili anaongeza dozi ya mchana ili aweze kufundisha. Kifuniko cha kupimia kimepotea, anatumia kijiko cha chakula kutoka jikoni, ambacho hubeba takriban mililita 15. Bila kukusudia ameongeza dozi kwa nusu.

Mwezi wa tatu usingizi hauji tena kwa kijiko kimoja cha usiku, kwa sababu mwili umeizoea dawa. Sasa anakunywa kijiko kile mara nne kwa siku. Hizo ni mililita 60, yaani miligramu 120 za kodeini, na chupa haimalizi siku mbili. Tazama vizuri kiasi hicho: miligramu 120 kwa siku ndicho kikomo kinachotajwa kwa mtu mzima anayetibu kikohozi. Akiulizwa kama anazidisha dawa, atajibu hapana, na atakuwa hajadanganya.

Kisha unatokea msiba kijijini. Anasafiri, chupa inabaki nyumbani. Siku ya kwanza jioni anapiga miayo mfululizo, macho yanatoa machozi, pua inatiririka. Usiku hapati usingizi, miguu haitulii, anatoka jasho huku vinyweleo vimesimama kama mtu mwenye baridi. Siku ya pili tumbo linakata na anaharisha, mwili mzima unauma, na kikohozi kimerudi kwa kishindo. Ndugu wanasema ni malaria. Kipimo hakionyeshi malaria. Siku ya tatu anarudi nyumbani, anakunywa kijiko chake, na kabla ya saa moja kupita makamasi yamekauka, tumbo limetulia na mwili umelegea. Anahitimisha kwamba hali ya hewa ya kijijini ilimdhuru, na kwamba ile dawa ndiyo inayomfaa. Safari nyingine hatasahau kubeba chupa.

Hakuna hatua hata moja ambapo mwalimu huyu alitafuta ulevi. Kila kijiko kilikuwa na sababu ambayo wewe na mimi tungeikubali.

Saa ndiyo inayofichua

Utayatambuaje mafua ya kweli na mafua ya kodeini? Dalili moja moja haitoshi, kwa kuwa pua inayotiririka ni ile ile. Kinachotofautisha ni saa.

Chukua daftari, na kwa siku tano andika mambo mawili tu: saa uliyokunywa sirapu, na saa ulipoanza kujisikia vibaya. Mafua hayajui ratiba yako ya dawa. Huanza, hupanda kwa siku kadhaa, hushuka, kisha huisha. Hali ya kuikosa kodeini hufuata dozi. Kwa kawaida huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kijiko cha mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na sehemu kubwa yake huisha ndani ya wiki moja hadi siku kumi, ingawa usingizi huchelewa kurudi. Na ukinywa dawa, yote huondoka ndani ya saa moja. Hakuna mafua duniani yanayopona kwa saa moja. Daftari likionyesha kwamba unaamka mgonjwa kila alfajiri na kupona kila baada ya kijiko cha asubuhi, basi unachokitibu ni ukosefu wa dawa yenyewe.

Ziko alama nyingine za kuunga mkono saa. Miayo isiyo na usingizi, vinyweleo kusimama, miguu kutotulia na kuhara baada ya majuma ya kufunga choo havitarajiwi kwenye mafua ya kawaida. Mboni za macho, ambazo kodeini huzifanya ndogo, hutanuka inapokosekana. Kwa upande wa mwenendo, jiulize maswali haya. Je, nanunua chupa mpya kabla ya ile ya zamani kuisha? Je, nimeanza kubadilisha maduka ili muuzaji asinizoee? Je, nakunywa kijiko cha usiku hata siku ambayo sikukohoa? Jibu la ndiyo kwa moja linatosha kumwona daktari.

Kabla ya yote, hakikisha unachokunywa kina kodeini, kwa kuwa si kila dawa ya kikohozi inayo. Usitegemee jina kubwa la biashara wala picha ya mtu anayekohoa. Tafuta orodha ya viambato kwa herufi ndogo. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo kodeini itaanza kwa herufi C, na mbele yake kutakuwa na idadi ya miligramu katika kila mililita 5. Usipoielewa, mpe mfamasia chupa akusomee.

Kitafute kikohozi chenyewe

Kwa kikohozi cha mafua kisichozidi wiki tatu, mtu mzima asiye na dalili za hatari hahitaji kodeini. Maji ya moto, kijiko cha asali na subira hutosha, na asali hiyo hiyo yaweza kupewa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Mtoto aliye chini ya miaka 12 asipewe sirapu ya kodeini kabisa, na mama anayenyonyesha asiitumie. Wapo watu ambao ini lao hugeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Kwa mtoto, kiasi hicho kinaweza kusimamisha pumzi.

Hata hivyo, kikohozi chochote kilichofika wiki mbili kinataka kipimo cha makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, ambacho hospitali za serikali hukifanya bila malipo. Ukikohoa damu, ukipungua uzito au kutoka jasho usiku, usisubiri hata hizo wiki mbili. Kikohozi cha usiku chenye kubanwa kifua au mluzi huenda ni pumu, na pumu hutibiwa kwa dawa ya kuvuta. Kinachokuja ukilala baada ya kula, pamoja na kiungulia, huenda kinatokana na asidi ya tumbo. Na kama unameza dawa ya presha, mtajie daktari jina lake. Mwalimu wa mfano wetu angebadilishiwa enalaprili kwa dawa ya kundi jingine, kama losatani, na kwa kawaida kikohozi kingeisha ndani ya wiki moja hadi nne, mara nyingine miezi miwili au mitatu. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako; omba ibadilishwe.

Kushuka ngazi kwa ngazi

Aliyetumia sirapu kila siku kwa majuma mengi asiimwage chooni kwa hasira siku aliyogundua. Kuacha ghafla kwa mtu mzima mwenye afya ni mateso zaidi kuliko hatari ya kifo, lakini mateso hayo ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye chupa kabla ya siku ya tatu kuisha. Mjamzito asiache ghafla kabisa. Aende kliniki na aseme ukweli, kwa maana mtoto naye ameizoea na atahitaji kuangaliwa baada ya kuzaliwa.

Njia inayovumilika ni kushuka kidogo kidogo chini ya daktari. Kwa mwalimu wetu ingekuwa hivi. Kwanza chanzo cha kikohozi kiondolewe, la sivyo kila hatua ya kushuka itamrudishia kikohozi. Kisha kijiko cha jikoni kiwekwe kando na badala yake itumike sirinji ya kupimia, isiyo na sindano, inayouzwa duka la dawa. Wiki ya kwanza hapunguzi kitu. Anakunywa mililita 15 mara nne kwa saa zisizobadilika, ili mwili uache kupanda na kushuka. Baada ya hapo anapunguza takriban sehemu moja ya kumi ya jumla ya siku kila wiki: kutoka mililita 60 hadi 54, kisha 48, kuendelea chini. Anaanza na dozi za mchana na kuiacha ya usiku mwishoni, kwa sababu usingizi ndio unaochelewa kutengemaa. Akifika wiki ngumu, anabaki kwenye kipimo hicho wiki nyingine badala ya kupanda. Zile mililita za mwisho mara nyingi ndizo ngumu zaidi, na hatua zake huwa ndogo. Yote haya yanahitaji cheti kimoja, daktari mmoja na duka moja la dawa, na pale inapowezekana mtu wa nyumbani anayeitunza chupa na kupima dozi.

Wapo ambao kushuka nyumbani hakuwezekani, hasa waliofika chupa moja au zaidi kwa siku. Hao waende kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Nchini Tanzania huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 kwa ajili ya waraibu wa heroini, na wahudumu wa kliniki za aina hiyo wanalifahamu vizuri tatizo la dawa za ukoo huu. Mtu mzima wa heshima huona aibu kupanga foleni pale. Wahudumu hawatamshangaa.

Mambo mawili yanaua, na lazima yasemwe wazi. La kwanza ni kuchanganya sirapu hii na pombe, diazepamu au dawa nyingine za usingizi, maana zote kwa pamoja hupunguza pumzi. La pili ni kurudi kwenye kipimo cha zamani baada ya kuacha. Mwili husahau mazoea yake haraka, na kiasi ulichokimudu mwezi uliopita kinaweza kukuzidi leo. Mtu aliyekunywa na sasa haamshiki, anapumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo imebadilika rangi na mboni zimekuwa ndogo kama nukta, mlaze ubavu na mpeleke hospitali mara moja. Waambie amekunywa kodeini, kwa kuwa ipo sindano ya nalokzoni inayoweza kurudisha pumzi.

Ukishaamua kwenda kwa daktari, usimwambie tu kwamba una kikohozi, maana utatoka na sirapu nyingine. Beba chupa tupu, daftari la saa na vidonge vyote unavyomeza. Kisha mwambie hivi: "Nimekuwa nikinywa dawa hii kila siku kwa miezi kadha, mililita kadha kwa siku. Nikiikosa kwa siku moja napata makamasi, jasho na kuhara, na nikiinywa yanakwisha. Naomba unitafutie chanzo cha kikohozi na unipangie namna ya kushuka." Sentensi hizo zinampa daktari karibu kila anachohitaji ili aanze kukusaidia siku ile ile.